Bagamoyo na watoto wadogo: tazama mwezi kabla ya kulipia chumba

Nina watoto wawili, mmoja wa miaka mitano na mwingine bado anavaa nepi. Tukipanga likizo ya Bagamoyo, naanza kuangalia mwezi, bei ya chumba baadaye. Ufuko wa kule ni wa mteremko mdogo sana. Maji yakipwa yanakwenda mbali, na watoto wanabaki na mchanga wa tope tu.

Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hujaa karibu saa 10 alasiri na kupwa karibu saa 4 asubuhi. Watoto wameamka saa 12, wameshavaa nguo za kuogelea, na bahari haipo. Nenda karibu siku ya 8 au ya 23 tangu mwezi uandame, maji yakiwa mafu. Hapo hujaa asubuhi ile ile unayoitaka, na hayapandi wala kushuka kwa kishindo. Kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa kama dakika 50, na kipindi cha maji mafu inaweza kufika saa nzima au kuzidi. Ukifika, thibitisha saa kwa wavuvi pale soko la samaki, hawakosei.

Tarehe zikishapatikana, piga simu mwenyewe hotelini. Picha za mtandaoni hazikuambii kama chumba kiko chini, kama neti inafunika kitanda kizima, au kama jikoni watakubali kukupikia uji saa 1 asubuhi. Uliza pia kama kuna uzio kati ya vyumba na bwawa. Likizo za shule za Juni na Desemba vyumba vya familia huisha mapema, kwa hiyo tuma malipo ya awali na utunze ujumbe wa muamala.

Tuseme mnafika Jumanne, siku ya 7 tangu mwezi uandame. Kutoka Dar ni kama kilomita 70, lakini foleni ya kutokea mjini peke yake inatosha kuwachosha, kwa hiyo siku hiyo msipange kitu. Wale, waoge, walale.

Jumatano maji yanajaa karibu saa 4 asubuhi. Ingieni saa 3, tokeni yakianza kurudi. Maji ya Bagamoyo si ya buluu kama ya kwenye kadi. Mto Ruvu unamwaga udongo wake kaskazini ya mji, na mvua zikinyesha rangi inakuwa ya chai ya maziwa. Mtoto akizama hadi kifuani humwoni miguu. Mimi sikai kwenye mkeka. Nakaa ndani ya maji, mkono wangu ukimfikia. Yule mkubwa anavaa yeboyebo, maana chini kuna magamba yanayokata, na kandambili zitachomoka zikwame kwenye tope.

Alhamisi ni ya kupumzika, na nasema kupumzika kweli. Hakuna bajaji, hakuna "tupite mara moja mji mkongwe". Baba watoto huona siku hii ni hela ya bure inapotea. Ila mtoto wa miaka miwili aliyekosa usingizi wa mchana siku mbili mfululizo atalia hadi mlango wa makumbusho, na siku ya tatu mtarudi hotelini matembezi hayajaanza.

Ijumaa maji yanajaa saa 6 mchana, jua likiwa utosini, basi bahari iachwe. Saa 2 asubuhi panda bajaji hadi Kaole, kama kilomita tano kusini. Kuna magofu ya misikiti, mmoja wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo. Wakubwa wanasoma, watoto wanahesabu ngazi na kufukuza mijusi. Saa moja inatosha. Mikoko iko karibu, kwa hiyo pakeni dawa ya mbu mapema. Kanisa la misheni lililojengwa baada ya wamisionari kufika 1868 lina kivuli kizuri, lakini liache kwa safari nyingine kama mdogo ameanza kusinzia begani.

Begi langu kuu ni la dawa: ORS, vidonge vya zinki, parasetamoli ya maji na kipimajoto. Nguo huwa chache, maana zinafuliwa na kukauka mchana huohuo, isipokuwa fulana za mikono mirefu za kuogelea. Hizo nabeba mbili kwa kila mtoto. Neti yangu pia naibeba, hata nikiahidiwa ya hoteli, pamoja na sindano na uzi.

Jumamosi asubuhi na mapema maji yamekupwa. Waache wachimbe mchanga na kuwinda kaa hadi saa 3, kisha waogeshe maji baridi. Ondokeni baada ya chakula cha mchana, wakati wao wa kulala, na barabara yote hadi Bunju mtakuwa na gari tulivu.