Angalia miwa kwanza, jina la kiwanda baadaye

"Nina diploma ya kemia, niko Kisumu. Nafasi ya maabara ikitangazwa tunajitokeza mamia. Nataka nianze kuvifuata viwanda vya sukari mapema. Nianze na kipi?"

Ndugu, mimi pia ni mtu wa maabara, na mara ya kwanza nilikosea. Nilipanga viwanda kwa ukubwa wa jina. Kile cha juu kilinichukua kibarua, nikakaa miezi mitatu bila mshahara kwa sababu hakikuwa na miwa ya kusaga.

Mara ya pili niliandika kila kiwanda cha ukanda huu kwenye daftari: Kibos, Chemelil, Muhoroni, Butali, West Kenya, Nzoia, Sony na vingine. Nikaongeza wanaotumia molasi, kama Agro-Chemical pale Muhoroni wanaotengeneza spiriti na hamira. Wengi huwasahau hao, ilhali nao wana maabara.

Kisha nikakipa kila kimoja alama 0 hadi 3 kwa maswali matatu. Je, kina malighafi? Je, kina kazi ngapi za maabara? Je, namjua mtu ndani? Alama za malighafi nilizizidisha kwa mbili, maana mwaka 2023 usagaji ulisimamishwa kwa miezi kadhaa kwa uhaba wa miwa, na miwa ikikosekana vibarua ndio hutangulia kurudishwa nyumbani.

Malighafi huipati kwenye tovuti yao. Nilipanda matatu, nikaketi kwenye kibanda cha chai karibu na lango siku tatu tofauti. Trekta zikiwa bado zimepanga foleni mizanini saa nane mchana, hiyo ni 3. Uwanja ukiwa mtupu saa nne asubuhi, hiyo ni 0 au 1. Madereva wa trekta wanajua zaidi ya ofisi, hasa wanapolalamika kwamba wanasubiri sana.

Kiwanda chenye jina kubwa kilipata 1 kwa malighafi, 2 kwa maabara na 3 kwa kufahamiana: jumla 7. Kingine, kidogo lakini chenye mtambo wa spiriti, kilipata 3, 3 na 0: jumla 9. Ile 0 haikunitisha. Alama ya kufahamiana ndiyo pekee unayoweza kuipandisha mwenyewe. Nilimtafuta kijana tuliyesoma naye chuo, akanionyesha msimamizi wa zamu. Nikamwuliza kazi yao tu: sampuli za juisi, briksi, pol. Kazi sikuomba siku hiyo.

Miezi miwili baadaye, kiwanda kilipokuwa kinamaliza matengenezo kabla ya kuwasha mitambo, alinipigia simu. Tangazo halikubandikwa popote.

Chukua vitano vya juu tu, na urudie hesabu kila baada ya miezi mitatu. Mwaka 2025 Nzoia, Chemelil, Sony na Muhoroni vilikodishwa kwa kampuni binafsi, kwa hiyo aliyekuwa anaajiri huenda siye tena; uliza upya. Kazi za kaunti usiziweke humo, hizo subiri tangazo.