Chemba ya mafuta ipo, lakini sinki bado linaziba

Swali: Shikamoo Bwana Afya. Nina mgahawa Arusha, tunauza supu ya ng'ombe, chipsi na wali. Sinki la kuoshea sufuria linaziba karibu kila wiki, na mwezi wa sita na wa saba ndiyo balaa. Fundi alitujengea chemba ya mafuta nje, mwaka umepita, na kila nikiifungua naikuta safi. Tunamwaga maji ya moto na kostiki, linafunguka, siku chache linarudi vilevile. Juzi maji machafu yamepanda kwenye tundu la sakafu karibu na meza tunayokatia kachumbari. Tatizo ni bomba au chemba? Na chakula kiko salama?
Mwenye mgahawa, Arusha

Jibu: Marahaba. Nianze na kachumbari, maana hiyo haiwezi kumsubiri fundi.

Bomba la nje likiziba, maji yanayotoka kwenye sinki hayana pa kwenda, kwa hiyo yanarudi na kutokea kwenye tundu lililo chini kuliko mengine yote. Jikoni kwako hilo ni tundu la sakafu. Sasa nenda nje ukaangalie kama bomba la choo cha wateja linaungana na hilo la jikoni kabla ya shimo la majitaka. Kama linaungana, yaliyopanda juzi huenda si maji ya kuoshea sufuria peke yake, uyahesabu kuwa maji ya choo. Supu inayochemka jikoni ikiwa imefunikwa haijapata shida. Kachumbari ndiyo hatari, kwa sababu haipikwi, na kijidudu kilichoirukia saa nne asubuhi kinafika mezani kwa mteja saa saba kikiwa hai.

Ikitokea tena, simamisha kazi kwenye eneo hilo na ufunge maji. Kila kilichokatwa na kukaa wazi pale karibu kitupwe, usijaribu kukiosha. Sakafu ioshwe kwanza kwa sabuni na maji, isuuzwe, ndipo uje na klorini. Wengi wanaruka hatua ya sabuni, halafu klorini inaishia kupambana na mafuta na uchafu kabla haijawafikia vijidudu. Kwa klorini ya maji ya dukani yenye asilimia 3.5, changanya kikombe kimoja na vikombe sita vya maji, mwaga sakafuni, acha dakika kumi, kisha suuza. Meza na mbao za kukatia hazihitaji kali hivyo: baada ya sabuni na kusuuza, mililita 60 katika ndoo ya lita kumi zinatosha, na uache vikauke vyenyewe. Usichanganye klorini na dawa ya kusafishia choo yenye asidi, hewa inayotoka hapo inaunguza mapafu.

Hata siku ambayo maji hayajapanda, hilo tundu linakuchafulia jikoni. Ingiza kidole chenye glavu ndani ya mdomo wa bomba, utagusa ute mweusi unaoteleza. Ule ute ni makazi ya bakteria, wamejijengea kifuniko ambacho klorini ya kumwagia juu haikipenyi. Listeria, kwa mfano, huishi humo vizuri hata kwenye ubaridi wa Arusha, na ni bakteria mbaya sana kwa mama mjamzito. Ute hautoki wenyewe kwenda mezani. Unapelekwa.

Niliwahi kumwomba kijana wa jikoni mmoja apige mpira wa maji kwenye tundu la sakafu kama anavyofanya kila siku. Kabla hajaanza, niliweka mfuniko mweusi wa sufuria juu ya meza iliyokuwa hatua moja na nusu kutoka pale. Alipomaliza nilimuonyesha ule mfuniko kwa tochi: umejaa vitone vidogo vya maji, kama umenyunyiziwa. Yeye alidhani anasafisha, kumbe anarusha. Tundu lisuguliwe kwa brashi ndefu yenye rangi yake, isiyotumika popote pengine, pamoja na sabuni na maji ya kumwaga polepole, usiku baada ya vyakula vyote kufunikwa na kuondolewa. Meza zisafishwe mwisho, baada ya tundu.

Ukiona vijinzi vidogo vyenye manyoya, vinavyokaa ukutani na kuruka kivivu, pima hivi: usiku bandika selotepu pana juu ya tundu, gundi ikitazama chini, uache upenyo mdogo wa hewa. Asubuhi ikiwa vimenasa, vinazaliana ndani ya ute wa bomba hilo. Dawa ya kupuliza itaua vinavyoruka tu. Kinachowamaliza ni ile brashi.

Sasa chemba. Umeniandikia kwamba kila ukiifungua unaikuta safi, na mimi hapo ndipo nimeona ugonjwa. Chemba ya mafuta ya mgahawa wa supu ikikaa wiki moja lazima iwe na blanketi la mafuta juu. Ikiwa safi, maana yake mafuta yanapita, hayanaswi.

Kazi yake ni rahisi kuielewa. Maji yanaingia, yanapunguza mwendo, yanapoa. Mafuta ni mepesi, yanaelea. Wali na mabaki ya nyama ni mazito, yanazama. Katikati panabaki maji yaliyo nafuu, na hayo ndiyo yanayotakiwa kutoka. Kwa hiyo bomba la kutolea lisinywe juu. Linatakiwa kuwa na tii au elbo iliyotazama chini, mdomo wake umezama katikati ya kina cha maji. Kosa ninalolikuta mara nyingi ni fundi kutoboa ukuta na kupachika bomba la kutolea likiwa wazi usawa wa maji, bila elbo. Hapo mafuta yanayoelea ndiyo yanayotoka ya kwanza, na wali unabaki chini.

Fungua mfuniko uangalie. Kama kwenye bomba la kutolea unaona tundu tupu la duara na utando wa mafuta unaelekea humo, umepata jibu. Kama tii ipo, itazame vizuri kama haijapasuka au haijachomoka.

Na maji ya moto? Ndiyo yanayokudanganya. Mafuta ya ng'ombe yanayeyuka kwenye nyuzijoto 40 hadi 50 hivi. Ukimwaga sufuria ya maji yanayochemka, unayayeyusha hapo karibu na sinki, yanapita hadi chemba, yanavuka yakiwa bado kimiminika, kisha yanagandia mbele kwenye bomba lililofukiwa kwenye udongo wa baridi. Ndiyo sababu mwezi wa sita na wa saba ni balaa kwako. Kostiki inafanya jambo linalofanana: inageuza sehemu ya mafuta kuwa sabuni, sabuni inateleza, kisha inakutana na chokaa ya maji na ya saruji na kuwa donge gumu jeupe kama jiwe laini, ambalo hata maji ya moto hayaliyeyushi. Juu ya hayo, kostiki huchemka inapoguswa na maji, inaweza kumrukia mtu usoni na kulainisha bomba la plastiki. Nakuomba uiache.

Kilichokwisha kuganda kitolewe kwa mikono. Fundi asianzie sinki kwa waya mwembamba, maana atatoboa tundu katikati ya mafuta, maji yatapita wiki moja, halafu palepale. Aanzie kwenye chemba, aende mbele kwa fimbo za kuzibulia zenye kikwangulio, na mafuta yanayotoka ayakusanye yasiingie kwenye shimo. Mafuta yakifika shimoni hufunga udongo wa shimo la kufyonza, na hapo utaita gari la majitaka kila mara bila kupona. Akiwa pale apime na mteremko: bomba lishuke kama sentimita mbili kwa kila mita moja. Bomba lililolala halina cha kulisafisha.

Ukubwa wa chemba upime mwenyewe. Tuseme masinki yako mawili ya sufuria kila moja ni sentimita 50 kwa 40 na kina 30. Hiyo ni lita 60, lakini hulijazi pomoni, chukua robo tatu, yaani lita 45. Ukiyafungulia yote mawili kwa pamoja, lita 90 zinatoka kwa dakika mbili hivi, sawa na lita 45 kwa dakika. Mimi hutaka maji yapate angalau dakika 15 za kutulia, kwa hiyo chemba iwe na lita 675. Chemba yenye urefu wa mita 1.5, upana wa sentimita 60 na kina cha maji sentimita 75 inakupa hizo. Ukikuta yako ni ndoo mbili za saruji, elbo peke yake haitakuokoa.

Kusafisha kusifuate kalenda, kufuate kijiti. Funga kitambaa cheupe kwenye kijiti kirefu, kizamishe taratibu hadi chini, kitoe. Pima unene wa mafuta juu, pima na tope la chini, jumlisha. Ikifika robo ya kina cha maji, yaani sentimita 19 kwa chemba hiyo niliyoitaja, safisha siku hiyohiyo. Andika tarehe, na baada ya mara tatu utajua ni kila baada ya siku ngapi. Mafuta yakauke kwa maranda kwenye ndoo yenye mfuniko, yaende na taka, yasiende mtaroni.

Tena, punguza yanayoingia. Supu iliyobaki usiku ikipoa, asubuhi mafuta yamejitenga juu kama sahani nyeupe. Yaengue na kijiko yawekwe pembeni. Sahani na sufuria zikwanguliwe kabla hazijagusa maji, na kichujio kikae kwenye tundu la sinki.

Jambo la mwisho ni sinki unalooshea nyanya na vitunguu. Kama limeungwa moja kwa moja na bomba hilohilo, siku tundu la sakafu litakapozibwa na kitambaa au ufagio, maji machafu yatapanda humo, juu ya nyanya. Mwambie fundi alikate bomba lake chini ya sinki limwagie kwenye faneli iliyo wazi, na kati ya mdomo wa bomba na ukingo wa faneli pabaki hewa tupu mara mbili ya kipenyo cha bomba. Kwa bomba la inchi moja na nusu ni sentimita nane hivi. Maji yakirudi yatamwagika sakafuni kutoka kwenye faneli, sinki la mboga hayataligusa.

Akimaliza yote, usimlipe kwanza. Jaza masinki mawili ya sufuria, vuta vizibo pamoja, usimame juu ya tundu la sakafu hadi masinki yaishe. Maji ya tundu yasitikisike wala kutoa povu.