Ilani ya malipo ya kadi yaliyokataliwa

"Wateja wetu hapa Kisumu wakipata ujumbe 'Muamala umeshindikana', hupiga simu kuuliza kama wamekatwa pesa. Niuandike upya vipi?"

Ndugu, tenganisha sababu kwanza, kwa maana ujumbe mmoja hauwezi kuwafaa wote. Mfumo wa malipo ukirudisha `expired_card`, kujaribu tena hakutasaidia mpaka mteja aweke kadi mpya. Ukirudisha `insufficient_funds`, kadi ni nzima, naye anahitaji tu kuongeza salio kabla ya siku mtakayojaribu tena, kwa hivyo kumwagiza abadilishe kadi ni kumsumbua bure. Kwa `do_not_honor` benki haijaeleza sababu, basi usibuni. Mwelekeze aiulize benki yake.

Kwa kadi iliyopitwa na muda, ningeandika hivi:

"Hatukupokea KSh 1,500 za mwezi wa Juni kwa sababu kadi yako inayoishia na 4471 imepitwa na muda. Huduma yako itaendelea hadi tarehe 12 Juni. Ili kuweka kadi mpya, ingia kwenye akaunti yako, fungua Malipo, kisha ubonyeze Badilisha Kadi."

Ongeza kwamba hamjapokea pesa zozote, na kwamba akiona kiasi kimezuiliwa katika akaunti yake, benki ndiyo itakayokiachilia. Tarakimu nne za mwisho zinatosha kumtambulisha kadi husika. Usimwombe kamwe ajibu kwa kutuma nambari kamili, kwa sababu hivyo ndivyo matapeli wanavyoandika, na mteja mwangalifu ataufuta ujumbe wako papo hapo.