Mkwaruzo wa zamani na ajali ya juzi: mkadiriaji anavyovitenganisha

"Wakuu, gari yangu imekwanguliwa ubavuni na pikapu pale Ubungo, nina bima kubwa. Mkadiriaji ameukataa mlango wa mbele wote, na kwenye mlango wa nyuma amekata nusu ya hela ya rangi, eti kulikuwa na mikwaruzo ya zamani. Anajuaje? Na ana haki?"

Mkuu, nimefanya kazi ya kukadiria hasara za magari hapa Dar, nikitumwa na kampuni za bima. Kwa maelezo yako, kwenye mlango wa mbele huenda yuko sahihi. Kwenye mlango wa nyuma bishana naye.

Wengi hudhani tunaangalia kutu. Kutu peke yake haitoshi. Kwa unyevu na chumvi ya pwani, bati lililobaki wazi linaweza kuwa na rangi ya chungwa ndani ya siku chache tu, na kutu hiyo nyepesi haithibitishi kwamba jeraha ni la zamani. Kutu ya kahawia iliyokoza, iliyopenya chini ya rangi hadi rangi ikavimba pembeni, hiyo haiji kwa wiki moja. Na bampa ni la plastiki, kutu hailihusu.

Ushahidi mzuri zaidi uko kwenye kingo na kwenye uchafu. Mkwaruzo mpya una kingo kali, vipande vya rangi vimeinuka na vingine vinadondoka ukivigusa, na ndani ni safi. Wa zamani kingo zake zimelainishwa na kuoshwa mara kwa mara, na chini ya mfereji kuna vumbi lililoganda, au nta iliyokauka ikawa nyeupe. Nta ile ina maana moja tu: gari liling'arishwa mkwaruzo ukiwa tayari upo. Mikwaruzo miwili ikipishana, ule unaopita juu ya mwenzake bila kukatika ndio mpya.

Nikupe gari moja nililokagua, jeusi, lililokwanguliwa na pikapu ya bluu. Mlango wa nyuma ulibonyea sentimita 55 kutoka chini, na kwenye mbonyeo kulikuwa na rangi ya bluu. Nilipima kona ya bampa ya pikapu, nayo ilikuwa kwenye kimo kilekile. Mlango wa mbele ulikuwa na mstari mmoja karibu na kitasa, kwenye sentimita 90, una nta ndani na hauna hata chembe ya bluu. Pikapu ile haikuwa na kitu kinachojitokeza kwenye kimo hicho. Niliukataa, na mwenye gari alipouona kwa tochi hakubisha.

Ugumu ulikuwa nyuma. Mlango uliobonyea ulikuwa pia na mikwaruzo midogo ya zamani. Hapo swali linabadilika: je, yale ya zamani yanaongeza kazi yoyote kwa fundi? Mlango ulihitaji kunyooshwa, puti, praima na kupigwa rangi wote kwa sababu ya mbonyeo mpya. Mikwaruzo ile ingeondoka kwenye msasa uleule na kufunikwa na rangi ileile. Kwa hiyo sikukata kitu. Nikikata, namlipisha mteja kazi ambayo ajali yenyewe imeilazimisha.

Ubavu ulio juu ya tairi la nyuma ulikuwa na hali tofauti. Kipima unene wa rangi kilisoma zaidi ya mikroni 1,000, wakati rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa kati ya 100 na 180. Maana yake kulikuwa na puti nene ya matengenezo ya zamani, na mgongano uliivunja. Nililipia kunyoosha mbonyeo mpya na rangi, nikakata saa za kubandua puti ya zamani na kunyoosha bati lililokuwa limebonyea chini yake. Makato ya namna hiyo ni halali, kwa sababu kuna kazi ya ziada unayoweza kuionyesha.

Sasa fanya hivi. Omba makadirio yaliyoandikwa sehemu kwa sehemu, pamoja na picha alizopiga. Kwa mlango wa nyuma muulize kwa maandishi: mikwaruzo ya zamani imeongeza saa ngapi za fundi au rangi kiasi gani? Kama mlango unapigwa rangi wote kwa sababu ya ajali, sioni atajibu nini. Tafuta pia picha zilizopigwa ulipokata bima, na ukizituma kwa WhatsApp zitume kama dokumenti, maana zikitumwa kama picha za kawaida tarehe iliyohifadhiwa ndani ya faili hupotea.

Gereji wasiguse msasa wala kuosha ubavu ule kabla hamjakubaliana, kwa sababu rangi ya pikapu na vile vipande vinavyodondoka ndio ushahidi wako. Kampuni ikigoma baada ya malalamiko ya maandishi, peleka suala kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ukiwa na makadirio na picha hizo.