Niliposema "mwisho tarehe 5" na barua ilisema "kabla ya tarehe 5"

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia. Ni katibu wa wakazi kama mimi, amepewa barua ya kurasa mbili na mwenyekiti wake amemwambia aifupishe itoshe kwenye karatasi moja ya ubao wa matangazo. Anauliza, "Kaka, nikate wapi?" Nimeusoma ujumbe wake mara tatu, kwa sababu swali hilo mimi nililijibu vibaya mwaka 2025 na watu wakaumia.

Barua yetu ilitoka ofisi ya mwenye jengo, tarehe 3 Juni 2025. Ukiondoa salamu na utangulizi, kiini chake kilikuwa hiki:

"Kila nyumba italipiwa ada ya huduma ya 12,000 kwa mwezi, kabla ya tarehe 5 ya mwezi husika, kuanzia Julai 2025. Atakayechelewa atatozwa asilimia 5 ya kiasi ambacho hakijalipwa, kwa kila mwezi wa kuchelewa. Tozo hii haitamhusu mkazi aliyetoa taarifa ya maandishi kabla ya tarehe hiyo. Pingamizi liwasilishwe kwa maandishi ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii."

Mimi nikabandika hivi, tarehe 6 Juni:

"Ada ya huduma 12,000 kila mwezi, mwisho tarehe 5. Ukichelewa faini asilimia 5. Pingamizi ndani ya wiki mbili."

Niliona nimefanya kazi nzuri. Mistari mitatu, herufi kubwa, inasomeka ukiwa umesimama ngazini. Watu wakanisifu.

Tarehe 19 Juni majirani wawili wakapeleka pingamizi zao na wakarudishwa. Walihesabu wiki mbili kuanzia siku walipoliona tangazo, yaani 6 Juni, wakapata 20. Barua ilikuwa inahesabu kuanzia 3 Juni, na siku ya mwisho ilikuwa 17. Wiki mbili ni siku 14, hapo sikukosea. Nilichokata ni pale hesabu inapoanzia, na muda usio na mwanzo kila mtu huuanzia anapojua yeye.

Julai ikaja. Waliolipa tarehe 5, siku niliyowaandikia mimi kwa mkono wangu, wakaambiwa wamechelewa, kwa kuwa "kabla ya tarehe 5" maana yake mwisho ni tarehe 4. Halafu kuna mama mmoja wa ghorofa ya pili. Alikuwa amelipa 8,000, akabakiza 4,000. Asilimia 5 ya 4,000 ni 200. Mkusanyaji, ambaye naye alikuwa anasoma tangazo langu na si barua, akapiga asilimia 5 ya 12,000 akamdai 600. Na kumbe mama yule alishaandika taarifa mapema, hakutakiwa kutozwa hata hizo 200. Msamaha huo mimi niliuacha nje kwa sababu karatasi ilikuwa imejaa.

Alinifuata mlangoni na tangazo mkononi, amelibandua. "Mwanangu, haya maneno ni ya mwenye jengo au ni ya kwako?"

Nikamjibu, "Ni ya kwangu, mama." Mpaka leo nikibandika karatasi naisikia sauti ile.

Basi, ndugu yangu uliyeniandikia, usianze kwa kukata. Anza kwa kuichambua barua kwenye karatasi ya pembeni. Kwa kila agizo jiulize: nani, afanye nini, kiasi gani na ni cha nini, mwisho lini na hesabu inaanzia wapi, isipokuwa nani, na asipofanya nini kinafuata. Barua yetu ina maagizo mawili tu, kulipa na kupinga, lakini nilipoichambua baadaye nilikuta shimo kwenye "nani". Barua inasema nyumba "italipiwa". Italipiwa na nani, mpangaji au mwenye nyumba? Kitenzi cha namna hiyo kinamficha mtendaji, na barua za ofisi zimejaa vitenzi hivyo. Ukikuta shimo kama hilo usilizibe kwa akili yako. Iulize ofisi iliyoandika, na jibu ulipate kwa maandishi. Mimi niliuliza, nikajibiwa ni mpangaji. Niliuliza pia kama siku ya barua yenyewe inahesabiwa katika zile 14. Haihesabiwi, ndiyo maana mwisho ni 17 na si 16.

Vya kukata vipo vingi: "ofisi inapenda kuwataarifu", historia ya ada, shukrani, sentensi inayorudia ya juu yake. Hivyo kata bila huruma. Ila neno linaloshikilia namba usiliguse. "Kabla ya", "tangu", "ya kiasi ambacho hakijalipwa", "kwa kila", "isipokuwa": hayo yanaonekana madogo, na ndiyo yaliyoniangusha yote. Vivyo hivyo "atatozwa" usilifanye "anaweza kutozwa" ili lisikike kwa upole. La kwanza ni lazima, la pili ni hiari ya ofisi, na mkazi atakushika kwa neno lako.

Tangazo nililobandika upya ni hili:

ADA YA HUDUMA (muhtasari wa barua ya 3 Juni 2025)
Anayelipa: mpangaji, ada moja kwa kila nyumba.
Kiasi: 12,000 kwa mwezi, kuanzia Julai 2025.
Siku ya mwisho kulipa: tarehe 4 ya kila mwezi.
Ukichelewa: utatozwa asilimia 5 ya deni lililobaki, kwa kila mwezi wa kuchelewa. Ukibakiza 4,000, tozo ni 200 kwa mwezi.
Hutatozwa: ukitoa taarifa ya maandishi kabla ya tarehe 5.
Pingamizi: kwa maandishi. Siku ya mwisho ilikuwa Jumanne, 17 Juni 2025.

Ni refu kuliko lile la kwanza, lakini bado linaenea kwenye ukurasa mmoja. Angalia nilivyoitoa hesabu mikononi mwa msomaji: "kabla ya 5" imekuwa "mwisho 4", na "siku 14 tangu" imekuwa tarehe yenye jina la siku. Jina la siku ni mlinzi. Ningekosea nikaandika Jumanne, 18 Juni 2025, mwenye kalenda angegundua hapo hapo, maana 18 ilikuwa Jumatano.

Kama karatasi haitoshi, ondoa agizo zima na useme linasomwa wapi. Agizo lililokatwa nusu ni baya kuliko lisilokuwepo, kwa sababu msomaji anaamini amelimaliza. Na usitegemee kale kamstari ka "barua ndiyo inayofuatwa". Kaandike, lakini wale majirani wawili kasingewasaidia kitu.

Kabla ya kubandika, mpe tangazo mtu ambaye hajaiona barua. Usimweleze chochote. Muulize: nikibakiza 4,000 nitatozwa ngapi? Nikilipa tarehe 5 nimechelewa? Majibu yake yalinganishe na barua, si na ulichokusudia. Mimi nilimpa kijana wa jirani, akajibu yote bila kusita, na nakiri nilijisikia fahari.

Rasimu uliyonitumia nimeisoma. Umeandika mkutano ni "Jumamosi ijayo saa 4". Atakayeisoma Ijumaa ataelewa kesho au wiki inayofuata? Na saa 4 ni ya asubuhi au ya usiku? Weka tarehe, weka "asubuhi", halafu rudi kwenye barua uone kama ilisema "wajumbe" au "wakazi wote", kwa sababu wewe umeandika "wote".