Mada ya tasnifu ndani ya mradi wa profesa: angalia muda wa mradi, kisha uliza kilichomo kwenye naitrojeni

Swali: "Nasoma shahada ya uzamili ya baiolojia ya molekuli Ujerumani, kwetu ni Bukoba. Nataka tasnifu yangu ihusu usugu wa malaria kwa artemisinini, ule unaoletwa na badiliko la jeni liitwalo R561H lililoonekana Kagera. Profesa mmoja ana mradi unaofadhiliwa na DFG, shirika la Ujerumani la kufadhili utafiti, kuhusu jeni ya K13, ambamo badiliko hilo hutokea. Nilimwambia ningependa kutumia sampuli za nyumbani na kutengeneza vimelea vyangu vyenye badiliko hilo, akanijibu 'njoo tu, tutapata cha kufanya'. Nina miezi sita. Nitajuaje kama mada yangu inaingia kwenye mradi wake na kama maabara yake inanifaa?"

Jibu:

Ndugu yangu, "njoo tu" ni ukaribisho mzuri, lakini mada bado hujapewa. Mwenye mradi wa DFG aliandika andiko, akaahidi kazi fulani, kisha akapewa fedha za mishahara na vifaa kwa ajili ya kazi hizo. Ukichukua kipande cha kazi hizo, unakuta vimelea vipo, kemikali zinanunuliwa, na kuna mtu ambaye naye anayahitaji matokeo yako. Ukikaa kando yake, huenda hakuna atakayekukataza, ila kila kitu utakiomba kama hisani.

Anza kwa kufungua kanzidata ya DFG iitwayo GEPRIS, ambayo iko wazi kwa kila mtu, na utafute jina la profesa. Ukurasa wa mradi una muhtasari na mstari ulioandikwa `Term`, unaoonyesha mwaka mradi ulioanza. Kiasi cha fedha hakiandikwi. Mradi wa kawaida wa mtafiti mmoja mmoja hupewa hadi miaka mitatu kwa awamu, kwa hiyo ukiona ulianza miaka miwili na nusu iliyopita, tasnifu yako itaangukia mwishoni kabisa. Usikimbie kwa sababu hiyo peke yake, maana mwenye mradi anaweza kuomba muda zaidi bila fedha za ziada, au awamu mpya. Ila muulize waziwazi: "Fedha za vifaa zinaishia mwezi gani?" Huko swali hilo halihesabiwi utovu wa adabu.

Swali la pili ni la mtu, na mara nyingi ndilo linaloamua. Profesa atasaini tasnifu, lakini atakayekufundisha kuotesha vimelea ni mwanafunzi wa uzamivu au mtafiti wa baada ya uzamivu. Mikataba yao ni ya muda, na mingi imefungwa na mradi huohuo. Wewe ukianza Aprili na mwalimu wako akaondoka Juni, utabaki na daftari lake la maabara tu. Uliza ni nani atakusimamia kila siku na mkataba wake unaishia lini, kisha omba nusu saa ya kuzungumza naye bila profesa kuwepo. Mara nyingi yeye ndiye anayejua kipi kinafanya kazi na kipi kimeandikwa tu kwenye andiko.

Sasa matakwa yako mawili. La sampuli za Kagera liache, angalau kwenye tasnifu hii. Damu ya wagonjwa inahitaji kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba ya Tanzania, mkataba wa kuhamisha sampuli kati ya taasisi za pande mbili, na kuzingatia sheria za upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki, ambazo Umoja wa Ulaya umeziweka kwenye Kanuni namba 511 ya 2014. Kazi hiyo huchukua miezi, na wewe una sita tu. Kama profesa hana tayari ushirikiano na vibali vinavyotaja matumizi hayo, sampuli zitafika umekwisha kukabidhi tasnifu. Ukihitaji picha ya Afrika Mashariki, data za jenomu za vimelea za MalariaGEN, mtandao wa watafiti wa malaria, ziko wazi: toleo la Pf7 lina sampuli zaidi ya 20,000 kutoka nchi 33, Tanzania ikiwemo. Hizo unaweza kuzichambua kwa kompyuta wakati vimelea vinaota.

La kutengeneza vimelea wako mwenyewe linahitaji tupige hesabu, maana hapa ndipo wengi hukwama. Miezi sita ni wiki 26. Toa wiki 4 za kuandika na 3 za mafunzo ya usalama na kujifunza kuotesha vimelea bila kuviua, zinabaki 19. Kuunda plasmidi, yaani DNA ya kubebea badiliko, huchukua wiki 3 mambo yakienda vizuri. Ukishaiingiza kwenye vimelea, unasubiri wiki 3 hadi 5 ndipo waliosalimika waonekane kwenye slaidi. Kuchagua wale ambao badiliko limeingia mahali pake, kuwatenga na kuwathibitisha kwa kusoma mfuatano wa jeni ni wiki nyingine 4. Umeshatumia 10 hadi 12 na hujapima kitu. Vipimo vya usugu vitakula 5, na hapo zinabaki 2 hadi 4 tu. Uingizaji wa plasmidi ukishindwa mara moja tu, na hushindwa, umepoteza mwezi usio nao.

Kwa hiyo swali la tatu, ambalo wanafunzi wachache hukumbuka kuliuliza, ni hili: ndani ya tangi la naitrojeni ya kimiminika, wanamohifadhiwa vimelea waliogandishwa, kuna nini leo? Uliza majina ya laini za vimelea, yaani koo zinazooteshwa maabara, na uliza kila moja ilitengenezwa kutoka kwa mzazi gani. Kama R561H yao ilitengenezwa ndani ya laini ya Dd2, na C580Y, badiliko jingine la K13, ndani ya laini ya 3D7, huwezi kuzilinganisha moja kwa moja, kwa sababu athari za badiliko lilelile hutofautiana kulingana na kimelea lilimowekwa. Unahitaji badiliko na mzazi wake asiye na badiliko, wote wa ukoo mmoja.

Tuseme jibu ni kwamba wanazo tatu za ukoo wa Dd2: mzazi, R561H na C580Y. Na tuseme muhtasari wa GEPRIS unaahidi kueleza jinsi mabadiliko ya K13 yanavyopunguza umezaji wa hemoglobini, kwani artemisinini huamshwa na hemu inayotoka humo. Kimelea akimeza kidogo, dawa nayo inaamka kidogo. Lakini chakula chake pia ni hemoglobini hiyohiyo. Hapo unapata mada iliyo ndani ya mradi na inayoigusa Kagera bila sampuli hata moja kutoka Kagera: usugu wa R561H unamgharimu kimelea ukuaji wa kiasi gani? Gharama ikiwa ndogo, badiliko linaweza kuenea hata mahali dawa inapotumika kidogo.

Vipimo ni viwili. Cha kwanza ni cha uhai wa vimelea wachanga. Unachukua vimelea wa saa 0 hadi 3 tangu waingie kwenye chembe nyekundu, unawapa dihidroartemisinini ya nanomola 700 kwa saa 6, unaiosha, na kufikia saa 72 tangu uanze unahesabu waliosalia kwenye slaidi zilizotiwa rangi ya Giemsa ukilinganisha na wasiopewa dawa. Uhai wa asilimia 1 au zaidi huhesabiwa kuwa usugu. Rudia mara tatu kwa siku tofauti. Mzazi akivuka asilimia 1 usishangilie. Kwanza shuku dawa yako, maana dihidroartemisinini huharibika upesi. R561H akishuka hadi kukaribiana na mzazi, shuku umri: usugu wa K13 huonekana kwa wale wachanga, na ukichanganya wakubwa tofauti inafifia. Kipimo hiki kinataka vimelea wa rika moja, na rika hilo huangukia saa usiyoitaka, hata saa nane za usiku. Kwa hiyo uliza kama una ruhusa ya kuingia maabara usiku na wikendi.

Cha pili ni mashindano: unachanganya R561H na mzazi nusu kwa nusu bila dawa, kisha kila siku chache unapima uwiano wa jeni zao. Mzunguko mmoja ni takriban saa 48, hivyo mizunguko 20 ni siku 40. Kipimo hiki hutembea chenyewe huku ukifanya kile cha kwanza, ndiyo maana vyote viwili vinaenea kwenye wiki 19. Tenga wiki 2 za mwanzo kwa kuyeyusha vimelea na kuwaamsha, kusoma upya K13 ya kila laini na kupima mikoplasma, bakteria wanaochafua vimelea vya maabara. Lebo za chupa hukosewa, na mashindano kati ya mzazi na mzazi hugunduliwa wiki ya sita.

Mwandikie profesa hivi, kwa lugha mnayotumia: "Nimesoma muhtasari wa mradi wako. Ningependa kupima gharama ya ukuaji ya R561H nikitumia laini mlizonazo. Naomba kujua: laini ya R561H na mzazi wake zipo? Kipimo cha uhai kinafanywa kwenu sasa, na nani? Msimamizi wangu wa kila siku atakuwa nani, na mkataba wake ni hadi lini? Vifaa vitalipwa na mradi upi?" Akijibu hata kwa mistari minne yenye majina na miezi, nenda. Akirudia "tutaona" kwa mara ya pili, profesa mwingine mwenye mada isiyokuvutia sana lakini yenye laini zilizothibitishwa na mwalimu anayebaki ni chaguo bora kwa miezi sita. Mada unayoipenda unaweza kuipeleka kwenye uzamivu, ambako kuna muda wa kutengeneza vimelea na kusubiri vibali.

Kabla hujasaini, soma kanuni za mitihani za programu yako. Maabara ikiwa kwenye taasisi iliyo nje ya chuo, kama taasisi ya magonjwa ya tropiki ya Bernhard Nocht ya Hamburg, au kiongozi wa kundi akiwa mtafiti mchanga, huenda haruhusiwi kuwa mtahini wa kwanza, na utahitaji mtu wa kitivo chako pamoja na idhini ya kamati ya mitihani kabla mada haijasajiliwa. Siku ya usajili ndipo saa inaanza kuhesabu. Kwa hiyo omba uyeyushe vimelea na uanze mafunzo kabla ya tarehe hiyo, kanuni zenu zikiruhusu, na usisajili mpaka R561H wako ameonekana akiota kwenye slaidi na mfuatano wake umesomwa.