Re: Hafla ya kuhitimu Qur'ani

"Watoto 11 wa madrasa yetu wamemaliza juzuu 30. Hafla tuipangeje, na wazazi wafanye nini?"

Ndugu yangu, Adh-Dhuha hadi An-Nas ni sura 22, basi kila mtoto asome mbili, wenzake waitikie takbiri kila sura ikiisha. An-Nas ikimalizika, waunganishe Al-Fatiha na mwanzo wa Al-Baqara mpaka "muflihuun", kisha ustadhi alete dua ya khitma. Hotuba mbili zinatosha, tena kabla ya kisomo. Baada ya dua macho yote yako kwenye pilau! Mzazi mmoja aseme kwa niaba ya wote na amkabidhi mwalimu zawadi yake. Wengine wagawane chakula, ubani na marashi. Kipaza sauti kijaribiwe na mtoto aliyeketi, si mtu mzima aliyesimama.